Apu yako itakulipa shilingi ngapi? Hesabu za apu moja ndogo kutoka Songea

Tangu wenzangu wa hosteli wajue kwamba nina apu Play Store, nimeulizwa swali moja mpaka nimezoea: "Ticha, inaingiza ngapi?" Hakuna anayeuliza inafanya kazi gani. Nimeamua kuweka hesabu zote hapa kwa sababu kuna mwenzetu mmoja, jirani yangu kabisa wa chumba, ambaye wiki iliyopita alikuwa tayari kutoa shilingi 350,000 za bumu lake kumlipa fundi amtengenezee gemu "yenye matangazo". Huyo fundi alimwambia gemu ikifika mtaani hela inaingia yenyewe kila mwezi. Jirani alitaka nimsindikize kutuma hela. Nikamwambia asubiri kwanza tupige hesabu. Tulipiga, na hizi ndizo zenyewe.

Apu yangu ni kikokotoo cha divisheni ya kidato cha nne. Unaingiza alama za masomo yako, yenyewe inachukua saba bora, inageuza A kuwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5, kisha inajumlisha. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni sifuri. Mwalimu wa darasa anaweza kufanya hivyo kwa kalamu, lakini ukiwa na wanafunzi 80 wa moku, kalamu inachosha. Wazo lilinijia nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na nilijifunza kuandika programu mwenyewe kwa video na kwa kusoma, jioni baada ya jioni. Hiyo sehemu ya kujifunza siielezi hapa, ni ndefu na kila mtu ana njia yake.

Niliitoa Agosti mwaka jana. Mpaka mwisho wa Aprili mwaka huu, yaani miezi tisa, imepakuliwa mara 2,543 na imeingiza dola 10 na senti 4. Tukichukulia dola moja ni shilingi 2,500, ambayo nitaitumia kwenye makala hii yote ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni shilingi 25,100. Kufungua akaunti ya msanidi Google Play unalipa dola 25 mara moja tu maishani, sawa na shilingi 62,500. Kwa hiyo bado naidai apu yangu shilingi 37,400, bila kuhesabu bando.

Watu wakisikia hivyo wanadhani apu imefeli. Haijafeli hata kidogo. Nimelinganisha na za watu wengine wawili ninaowafahamu na yangu ndiyo inayopakuliwa zaidi. Shida ni kwamba wengi wetu tunahesabu kitu kisicholipa. Tunahesabu vipakuzi, wakati mtangazaji halipi kwa kipakuzi. Analipa tangazo lake linapoonekana, na hasa linapobofywa, kwenye simu iliyo wazi na yenye intaneti wakati huo. Mtu aliyepakua apu yako, akaitumia siku moja na kuifuta, amekuongezea namba ya vipakuzi na senti chache tu.

Ndani ya AdMob, ambayo ndiyo huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye apu, kuna kipimo kinaitwa eCPM. Maana yake ni kiasi unachopata kwa kila maonyesho elfu moja ya tangazo:

```
eCPM = mapato / maonyesho × 1000
```

Kipimo hiki hukipangi wewe. Kila tangazo linapotaka kuonyeshwa, watangazaji wanashindana kwa bei papo hapo, na bei inategemea mtazamaji yuko nchi gani, ana simu gani, na kuna kampuni ngapi zinazomtaka. Mtazamaji wa Marekani anagombewa na kampuni nyingi zenye bajeti kubwa. Mtazamaji wa Namtumbo mwenye simu ya bei nafuu hagombewi sana. Kwangu, ambapo karibu wote ni Watanzania, tangazo la bango, lile jembamba la chini ya kioo, lina eCPM ya senti 12 za dola. Tangazo la ukurasa mzima lina senti 80. Yako inaweza kuwa juu au chini ya hapo, lakini kama watumiaji wako ni wa hapa nyumbani, usitegemee tofauti ya mbingu na ardhi.

Tuchukue mwezi wa Aprili, ambao ulikuwa mwezi wa kawaida. Apu ilifunguliwa mara 570, yaani mara 19 kwa siku. Katika hizo, mara 380 tu ndizo simu ilikuwa na data imewashwa. Hizo nyingine 190 mtu alikuwa amezima data ili kulinda bando lake, na kwa kuwa kikokotoo hakihitaji intaneti, alipata divisheni yake bila kuona tangazo lolote. Siwezi kumlaumu, na mimi nafanya hivyohivyo. Nimeweka bango libadilike kila sekunde 30, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa, na mtu hukaa kama dakika mbili akiingiza alama. Kwa hiyo bango lilionekana mara 1,710. Tangazo la ukurasa mzima linatokea mara moja tu, baada ya mtu kumaliza kuona jibu, na lilionekana mara 380.

Bango: 1,710 kugawa kwa elfu, mara senti 12, unapata karibu senti 21. Ukurasa mzima: 380 kugawa kwa elfu, mara senti 80, ni senti 30. Jumla senti 51. Shilingi 1,275 kwa mwezi mzima. Chapati mbili na chai pale nje ya geti, na chenji kidogo inabaki.

Sasa igeuze hesabu. Jirani yangu alisema angeridhika na dola 100 kwa mwezi, shilingi 250,000, siyo mamilioni. Dola 100 ni kama mara 196 ya Aprili yangu. Zidisha 570 kwa 196, unapata kufunguliwa mara 111,720 kwa mwezi, zaidi ya mara 3,700 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Siyo kupakuliwa mara 3,700, ni kufunguliwa, kila siku inayopita. Nilipomwandikia hiyo namba kwenye karatasi alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa mbona wengine wanazo laki moja?"

Alikuwa na picha aliyotumiwa na fundi, ukurasa wa gemu Play Store yenye "100,000+". Hapa inabidi ujue jinsi ya kusoma ile namba. Play Store haionyeshi idadi halisi, inaonyesha ngazi: 10+, 50+, 100+, 500+, 1,000+, 5,000+, 10,000+ na kuendelea. Apu yangu yenye vipakuzi 2,543 inaandikwa 1,000+, na ingekuwa na 4,999 ingeandikwa vilevile. Halafu namba hiyo inapanda tu, haishuki. Waliofuta wamo. Kati ya vipakuzi vyangu vyote 2,543, simu ambazo apu bado ipo mwisho wa Aprili zilikuwa 388. Nyingine zote ziliifuta, na wengi walifanya hivyo ndani ya siku mbili tatu. Kwa kikokotoo ni kawaida, ukishajua divisheni yako unabaki nacho cha nini? Gemu inaweza kukaa zaidi kama ni nzuri, lakini nayo inashindana na picha za harusi kwenye simu yenye nafasi ndogo.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha ukurasa wenye 100,000+, muulize vitu viwili ambavyo Play Store haionyeshi kwa umma lakini mwenye apu anaviona kwenye Play Console yake: simu ngapi zinayo sasa hivi, na watu wangapi wanaifungua kwa siku. Kama apu ni yake kweli, kukuonyesha kunamchukua dakika moja. Fundi wa jirani yangu alisema Play Console "ina siri za kampuni".

Kuna pia hadithi ya Flappy Bird, ambayo kila anayeuza ndoto za gemu huitaja. Ni ya kweli. Dong Nguyen wa Vietnam aliitoa Mei 2013, ikakaa miezi mingi bila kelele, kisha mwanzoni mwa 2014 ikalipuka duniani, na yeye mwenyewe alisema matangazo yalikuwa yanampa kama dola 50,000 kwa siku. Februari 2014 aliiondoa mwenyewe. Ilikuwa gemu rahisi yenye bango moja, sawa kabisa. Lakini ilikuwa na mamilioni ya wachezaji, wengi wao kwenye zile nchi ambazo watangazaji wanagombania mtazamaji. Kati ya apu zote zilizowahi kuwekwa madukani, unaweza kutaja ngapi za namna hiyo?

Apu yangu nayo ilikuwa na mlipuko wake, mdogo wa saizi ya Ruvuma. Kuanzia Agosti hadi Desemba ilipakuliwa mara 412 kwa miezi mitano. Januari matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, ndani ya mwezi huo mmoja ilipakuliwa mara 1,900. Mabango 21,000 yakaonekana, kurasa nzima 4,200, na mapato yakawa dola 5 na senti 88. Zaidi ya nusu ya kipato changu cha miezi tisa imetoka mwezi mmoja. Februari ikashuka hadi dola 1 na senti 20, Machi senti 70, Aprili zile 51. Ukiangalia mchoro wake unafanana na Mlima Matogoro, unapanda ghafla, halafu ni bondeni. Apu ya msimu ni hivyo. Mtu ambaye angechukua picha ya kioo ile wiki ya matokeo na kuzidisha kwa miezi 12 angejidanganya vizuri sana, na picha za namna hiyo ndizo zinazosambazwa.

Vipakuzi vyenyewe vilitoka wapi? Siyo kwenye kutafuta Play Store. Miezi ya mwanzo karibu wote walitoka kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu na ya madarasa, kuanzia shule nilizofanyia mazoezi hadi Mbinga na Tunduru. Ukiwa mgeni, Play Store inakuweka chini sana mpaka watu waanze kukutafuta na kubaki nawe. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoamini "ikifika mtaani". Haifiki yenyewe, unaipeleka mguu kwa mguu.

Sasa kuhusu kuitoa. Gharama ya dola 25 nimeshaitaja. Lipa kwa kadi ya benki ya kawaida, kadi za kulipia kabla huwa hazikubaliwi, na jina kwenye akaunti liwe lile la kitambulisho chako maana utaombwa kukithibitisha. Hiyo ni sehemu nyepesi. Sehemu inayokwamisha wengi ni majaribio. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hairuhusiwi kutoa apu kwa umma moja kwa moja. Lazima kwanza uendeshe jaribio la watu maalumu, wasiopungua 12, ambao wamejiunga na kubaki wamejiunga kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walikuwa wanataka watu 20, mwishoni mwa 2024 wakapunguza.

Kumi na wawili wanaonekana wachache mpaka uanze kuwatafuta. Kila mmoja awe na simu ya Android na akaunti ya Gmail anayoikumbuka, afungue kiungo chako, akubali kujiunga, ndipo apakue. Wengi wanapakua, wanafurahi, kesho yake wanatoka. Wakibaki 11 tu, hesabu ya siku 14 mfululizo imevunjika. Mimi nilikusanya 18 darasani kwetu ili nikipoteza watano bado niwe salama, nikapoteza wanne. Nilikuwa naangalia idadi kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Siku 14 zikiisha unaomba ruhusa ya kutoa kwa umma, na unajibu maswali: uliwapataje wajaribu, walisema nini, ulibadilisha nini. Jibu kwa mambo halisi. Mjaribu mmoja, mwenye simu ya kioo kidogo, aliona kitufe cha kupiga hesabu kinagusana na bango. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kidole kikiteleza kinabofya tangazo bila kukusudia, na sera za AdMob zinakataza mpangilio unaosababisha hivyo. Nilisogeza kitufe juu, nikaandika hivyo kwenye majibu. Ruhusa ilikuja ndani ya wiki.

Muda wote wa majaribio usiweke matangazo halisi. Google wana namba za majaribio ambazo zinaonyesha tangazo la mfano lisilolipa. Ya bango la Android ni hii:

```
ca-app-pub-3940256099942544/6300978111
```

Unaweka namba yako halisi siku ya kutoa tu. Na hapa ndipo penye hatari kubwa kwa wanafunzi kuliko mahali popote. Wenzako wakijua kwamba tangazo likibofywa unapata hela, watataka kukusaidia. Bweni zima litabofya kwa upendo. Google wanaona mibofyo mingi kutoka mtandao mmoja, simu zilezile, siku zilezile, kwenye apu yenye watu kumi na tisa. Wanaita shughuli batili. Kwanza hela ya mibofyo hiyo inakatwa, na ikizidi akaunti ya AdMob inafungwa, na ukiomba rufaa kurudishiwa si jambo la kutegemea. Dalili yake unaiona mapema: uwiano wa mibofyo kwa maonyesho, ambao kwa bango langu huwa chini ya 1 kwa kila 100, unaruka ghafla. Mimi wajaribu wangu niliwaambia wazi, "Mkinipenda, msiguse tangazo." Mwenyewe pia sigusi, hata likiwa la kitu ninachokitaka.

Jirani alikuwa na wazo lingine, gemu ya kujumlisha kwa watoto wa darasa la tatu. Kama mwalimu nimelipenda. Kama hesabu za matangazo, ni gumu zaidi. Play Console inakuuliza umri wa unaowalenga, na ukitaja walio chini ya miaka 13 unaingia kwenye sera ya familia: watoto hawaruhusiwi kuonyeshwa matangazo yanayofuata tabia zao, na huduma ya matangazo lazima iwe miongoni mwa zilizoidhinishwa. Matangazo yasiyomfuata mtu hulipa kidogo zaidi. Kudanganya umri ili kukwepa hilo ni njia fupi ya kuondolewa dukani. Vilevile, kwa wanaotaka kutengeneza vitu vya mitihani kama mimi, usitumie nembo ya NECTA wala jina litakaloonyesha kwamba wewe ndiye wao. Kwenye maelezo ya apu yangu nimeandika sentensi ya kwanza kabisa kwamba si ya baraza.

Basi tuseme senti zimeingia. Hazifiki mkononi hivi hivi. Ukifikisha dola 10, Google wanakutumia barua ya karatasi yenye namba ya siri ili kuhakiki anwani yako. Huku kwetu maana yake ni sanduku la posta, kwa hiyo hakikisha anwani uliyoandika ni ya sanduku ambalo kuna mtu analifungua kweli, la mzazi, la parokia au la msikiti, mradi uwe umeomba. Namba isipoingizwa ndani ya miezi minne, matangazo yanaacha kuonekana. Yangu ilitumwa baada ya Aprili, na kila Ijumaa napita Posta mjini kuulizia. Na malipo yenyewe, yanayoingia benki, hayatoki mpaka ufikishe dola 100. Kwa mwendo wangu wa dola 13 na kidogo kwa mwaka, hiyo ni miaka saba na nusu. Nitakuwa nimeajiriwa, nimehamishwa, labda na kustahiki mkopo wa pikipiki.

Zile 350,000 za jirani ni dola 140. Kwa mwendo wa apu yangu angezirudisha baada ya miaka kumi na zaidi, na hapo akaunti ingekuwa ya fundi, kwa sababu mkataba ule, karatasi moja ya mwandiko, haukusema apu itawekwa kwenye akaunti ya nani. Hilo ndilo swali ningeuliza kabla ya yote: anayemiliki akaunti ya Play na ya AdMob ndiye anayepokea hela na ndiye anayeweza kuifuta apu. Jirani alimpigia simu fundi kuuliza. Jamaa akasema akaunti ni yake "kwa usalama", mapato watagawana. Jirani ameahirisha. Amenunua bando la mwezi na ameanza kujifunza mwenyewe kwenye laptopu ya kaka yake, na ameshanikumbusha kwamba atahitaji wajaribu 12.

Mimi kabla ya Novemba nataka kuongeza sehemu ya mwalimu, ambayo inahifadhi darasa zima la wanafunzi na kutoa orodha ya divisheni ya kubandika ubaoni. Mwalimu mmoja wa Mjimwema ameiomba. Mtu akiingiza wanafunzi 80 anakaa kwenye apu nusu saa, siyo dakika mbili, na anarudi kila moku. Kama atakuwa amewasha data ni suala lingine.